Jinsi ya kupanga sprinti ya wiki mbili kwenye kalenda bila ratiba kuvurugika

Timu nyingi zinazoniomba msaada huwa zinajua sprinti ni nini. Zimesoma, zimehudhuria mafunzo, zina ubao wa kazi. Zinapokwama ni kwenye jambo dogo kabisa: kuweka vikao kwenye kalenda. Kupanga kumewekwa Jumatatu asubuhi na retro Ijumaa jioni, na baada ya miezi miwili sprinti moja ina siku saba, inayofuata ina kumi na mbili, na hakuna anayekumbuka retro ya mwisho ilifanyika lini.

Mwongozo huu unahusu kazi hiyo moja tu. Nitatumia mfano wa timu ya madevelopa sita, watatu Dar es Salaam na watatu Nairobi, yenye mteja Berlin, na sprinti yake ya kwanza inaanza Jumatano tarehe 23 Septemba 2026.

## Unachohitaji kabla ya kufungua kalenda

Andaa vitu vinne. Cha kwanza ni kalenda moja ya timu ambayo kila mtu anaiona, tofauti na kalenda ya binafsi ya kiongozi. Cha pili ni orodha ya sikukuu za kila nchi ambako mwanatimu anaishi, kwa miezi mitatu ijayo. Cha tatu ni likizo ambazo tayari zimeombwa.

Cha nne husahaulika, nacho ndicho kizito: saa ambazo watu wa nje ya timu wanapatikana. Namaanisha mteja, mkuu wa idara, mtu wa mauzo, yeyote ambaye maoni yake mnayahitaji kwenye mapitio. Mpigie simu umuulize. Usikisie.

## Hatua ya 1: Chagua mahali pa mshono

Sprinti moja inapokutana na nyingine pana mshono: mapitio, retro, kisha kupanga. Vikao hivi vitatu ni kitu kimoja, na kosa kubwa ninaloliona ni kuvitawanya. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza "tupange siku gani?" Uliza mshono ukae wapi ndani ya wiki.

Jibu langu ni katikati ya wiki: mapitio na retro Jumanne alasiri, kupanga Jumatano asubuhi. Sprinti inaanza Jumatano na kuisha Jumanne ya wiki ya pili.

Sababu ni za kawaida tu. Jumatatu na Ijumaa ndizo siku ambazo watu huomba ruhusa, na sikukuu nyingi huangukia au kusogezwa Jumatatu. Ijumaa mchana waislamu wa timu wako msikitini, na aliyebaki ofisini anafikiria safari ya nyumbani. Tena ukimaliza sprinti Ijumaa, kazi iliyobaki nusu inaliwa wikendi. Nimewahi kuwa kwenye timu ambayo watu walikuwa wakifanya kazi Jumamosi na Jumapili bila kuambiwa, kwa sababu tu Jumatatu asubuhi walitakiwa kuonyesha kitu. Tulipohamishia mshono Jumanne, kazi ya wikendi ilikoma bila mtu kutoa amri.

Kama mna mwenzenu Muscat, Jumatano inawafaa pia, kwani wikendi yao ni Ijumaa na Jumamosi.

Umefanikiwa ikiwa: ukitazama wiki nane zilizopita, hakuna Jumanne au Jumatano ambayo zaidi ya mtu mmoja hakuwepo.

## Hatua ya 2: Pima urefu wa kila kikao

Mwongozo wa Skramu unaweka kikomo kwa sprinti ya mwezi mmoja: kupanga saa 8, mapitio saa 4, retro saa 3. Kwa wiki mbili timu nyingi hugawa nusu, na hata hivyo hicho ni kikomo tu, hulazimiki kukifikia. Kwa timu ya watu sita mimi huanza hivi:

- Kupanga: saa mbili na nusu
- Mapitio: saa moja
- Retro: saa moja na robo
- Kunoa orodha ya kazi: saa moja, mara mbili kwa sprinti
- Kikao cha kila siku: dakika 15

Jumla ni kama saa 9 kati ya saa 80 za sprinti. Mtu akilalamika kwamba vikao vinamaliza kazi, mwonyeshe hesabu hiyo. Ikiwa kwenu inazidi saa 12, kuna kikao kinachofanya kazi ya kingine, na mara nyingi ni kupanga kunakofanya kazi ya kunoa.

## Hatua ya 3: Weka mapitio kwanza

Watu huanza na kikao cha kupanga kwa sababu ndicho cha kwanza kwenye sprinti. Anza na mapitio. Ni kikao pekee kinachotegemea watu usiowaamuru, kwa hiyo saa yake ndiyo ngumu kupata, na vingine vitajipanga kukizunguka.

Timu yetu ya mfano iliweka mapitio Jumanne saa nane mchana hadi saa tisa. Kwenye kalenda andika 14:00, na uikague mara mbili. Sisi tunasema saa nane, kalenda inasema 14:00, na nimeshaona mwaliko uliotumwa kwa 08:00 kwa sababu aliyeandika alisikia "nane" na vidole vikaandika nane. Mteja aliingia asubuhi akakuta chumba kitupu.

Onyo: usiweke mapitio siku ileile mnayopandisha toleo. Kazi ya kuonyeshwa iwe imeungwa na inafanya kazi kwenye seva ya majaribio kufikia Jumatatu saa kumi jioni. Weka tukio dogo la dakika 15 kwenye kalenda ya Jumatatu, uliite "Mwisho wa kuunga". Bila tukio hilo mtaunga msimbo Jumanne saa saba na nusu, na mteja atatazama ukurasa unaozunguka.

Umefanikiwa ikiwa: angalau mtu mmoja wa nje amehudhuria na ameondoka akiwa ameacha jambo jipya kwenye orodha ya kazi. Mapitio yaliyojaa wanatimu peke yao ni kuonyeshana mlichokwishakiona.

## Hatua ya 4: Retro siku hiyohiyo, baada ya kupumua

Retro inafuata mapitio, haitangulii, kwa sababu alichosema mteja ni sehemu ya mambo ya kujadili. Iwe siku hiyohiyo, maana kesho yake watu watakuwa wameshasahau nusu ya yaliyowaudhi.

Lakini usiibandike mara tu mapitio yanapokwisha. Mteja amekosoa kazi yako mbele ya watu, kisha dakika moja baadaye unaambiwa useme nini kilikwenda vizuri. Acha dakika 45 katikati. Kwetu mapitio yanaisha saa tisa, retro inaanza saa tisa na dakika 45 na kuisha saa kumi na moja. Nafasi hiyo inatosha chai, inatosha swala ya Alasiri, na hasira inapoa.

Onyo: mwaliko wa retro uende kwa wanatimu pekee. Ukinakili mwaliko wa mapitio na kubadilisha jina, orodha ya wageni inakuja nayo, na mteja atajikuta kwenye kikao ambacho watu walitakiwa kuongea kwa uhuru. Tengeneza tukio jipya kutoka mwanzo.

Umefanikiwa ikiwa: mmetoka na jambo moja la kubadilisha, lenye jina la mtu, na mtu huyo atalileta kesho kwenye kupanga. Jambo moja, si saba.

## Hatua ya 5: Kupanga asubuhi inayofuata

Jumatano saa tatu na nusu hadi saa sita. Usiku mmoja kati ya retro na kupanga una faida kubwa kuliko inavyoonekana. Mmiliki wa bidhaa anapata jioni ya kupanga upya orodha kufuatana na alichosikia kwenye mapitio, na timu inaamka na kichwa kipya.

Najua zipo timu zinazofanya vyote vitatu siku moja, na kwa timu ya watu watatu inawezekana. Kwa sita, saa ya nne ya vikao ndiyo watu huanza kusema "sawa, weka" kwa kila tiketi ili waende nyumbani. Matokeo yake yanajitokeza siku ya nane ya sprinti, pale tiketi iliyopewa siku moja inapogundulika ni ya siku nne.

Siku ya kupanga usiweke kikao cha kila siku. Mmeshaonana.

Umefanikiwa ikiwa: saa sita inapofika, kila mwanatimu anaweza kusema lengo la sprinti kwa sentensi moja na anajua atashika tiketi gani baada ya chakula.

## Hatua ya 6: Kikao kinachobeba vingine

Kunoa orodha ya kazi hakumo kwenye orodha rasmi ya matukio ya Skramu, ndiyo maana timu nyingi hazikiweki kwenye kalenda kabisa. Nami nimefikia mahali pa kusema hiki ndicho kinachoamua kama kupanga kutaisha saa sita au saa tisa.

Kazi yake ni kuchukua tiketi za sprinti ijayo, kuuliza maswali, kugawa zilizo kubwa na kuandika namna ya kujua kuwa imekamilika. Weka kimoja Jumatatu ya kwanza ndani ya sprinti na kingine Alhamisi inayofuata. Kwa sprinti inayoanza Jumatano tarehe 7 Oktoba, hizo ni tarehe 12 na 15. Kwa nini viwili? Kwa sababu maswali ya Jumatatu yanahitaji majibu kutoka kwa mteja, na Alhamisi majibu yameshafika.

Ukiona kikao cha kupanga kinachukua zaidi ya muda wa saa tatu, usikirefushe. Rudi hapa.

## Hatua ya 7: Ingiza kwenye kalenda

Tengeneza mfululizo mmoja kwa kila kikao. Kwenye Google Calendar fungua tukio, chagua `Custom...`, weka marudio ya kila wiki 2, chagua siku, na kwenye `Ends` acha `Never`. Kwa anayeingiza kwa faili, mistari ya kikao cha kupanga na mapitio ni hii:

```
DTSTART;TZID=Africa/Nairobi:20260923T093000
RRULE:FREQ=WEEKLY;INTERVAL=2;BYDAY=WE

DTSTART;TZID=Africa/Nairobi:20261006T140000
RRULE:FREQ=WEEKLY;INTERVAL=2;BYDAY=TU
```

Tazama tarehe ya mapitio. Sprinti inaanza 23 Septemba, na mapitio ya kwanza ni 6 Oktoba. Hapa ndipo wengi hujikwaa: wanaona Jumanne ya karibu ni 29 Septemba, wanabonyeza hiyo, na tangu siku hiyo mapitio yanaangukia katikati ya kila sprinti. Kuna kipimo rahisi. Fungua mwezi mzima wa Oktoba na Novemba. Kila Jumanne yenye mapitio inapaswa kufuatwa na Jumatano yenye kupanga. Ikiwa Jumatano hiyo iko wazi, mfululizo mmoja umepishana kwa wiki nzima. Ufute uanze upya.

Usitegemee kanuni ya "wiki za witiri tunapanga, wiki za shufwa hatupangi". Inafanya kazi hadi mwisho wa mwaka, kisha inavunjika. Mwaka 2026 una wiki 53 kwa hesabu ya ISO. Timu yetu inapanga wiki ya 39, 41 na kuendelea hadi ya 53, yaani 30 Desemba. Inayofuata ni 13 Januari, nayo ni wiki ya 2. Anayefuata witiri atafika tarehe 6 Januari, wiki ya 1, wiki moja kabla ya wenzake.

Jambo la mwisho hapa ni ukanda wa saa. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ziko pamoja. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi ziko saa moja nyuma. Weka ukanda wa saa ndani ya tukio lenyewe, na usiandike saa kwenye jina la tukio. Jina "Kupanga 9:30" likisomwa Kigali linapingana na kalenda yake inayoonyesha 08:30, na mtu ataamini jina.

## Hatua ya 8: Tembea miezi mitatu mbele

Mfululizo haujui sikukuu. Baada ya kuuweka, kaa na ile orodha uliyoandaa mwanzoni upitie mshono mmoja mmoja. Kwa timu yetu, sprinti ya pili, kuanzia 7 hadi 20 Oktoba, inatosha kuonyesha kazi yenyewe.

Tarehe 14 Oktoba, Jumatano, ni Siku ya Nyerere: Dar hawapo. Tarehe 20 Oktoba, Jumanne, ni Mashujaa: Nairobi hawapo, na ndiyo siku ya mapitio na retro.

Sikukuu ya tarehe 14 haigusi mshono, kwa hiyo hakuna kikao cha kuhamisha. Ya tarehe 20 inagusa. Kuna njia mbili: kurudisha mapitio na retro Jumatatu tarehe 19, au kuvisogeza Jumatano tarehe 21 pamoja na kupanga. Chagua ya kwanza. Kusogeza mbele kunaokoa siku moja ya kazi kwa watu wa Dar, lakini kunarundika karibu saa tano za vikao siku moja, na anayeumia ni kupanga.

Ukirudisha mapitio Jumatatu, rudisha na "Mwisho wa kuunga" Ijumaa tarehe 16. Unapohamisha matukio haya chagua `This event`. Ukichagua `This and following events` umehamisha mapitio yote yajayo kwenda Jumatatu, na utagundua baada ya wiki mbili.

Sasa hesabu nguvu. Kwa kawaida watu sita kwa siku kumi ni siku-watu 60. Sprinti ikiisha tarehe 19, kila mmoja wa Nairobi ana siku 9, na kila mmoja wa Dar ana 8. Jumla ni 51. Kama timu huchukua tiketi 12 kwa sprinti kamili, hapa ichukue 10. Peleka namba hiyo kwenye kikao cha kupanga cha tarehe 7, si baada ya kikao, kwa sababu mmiliki wa bidhaa anahitaji kuchagua mwenyewe ni zipi mbili zinabaki nje.

Jumanne tarehe 20 watu watatu wa Dar watakuwa kazini bila sprinti. Waachie kurekebisha majaribio yanayoshindwashindwa na tiketi ndogo za hitilafu. Kupanga kunabaki Jumatano tarehe 21, saa ileile. Hii ndiyo kanuni ninayoishikilia kuliko zote: kikao kimoja kinaweza kurudi nyuma siku moja, ila kupanga hakuhami.

Kisha tazama sprinti ya tatu. Jumapili tarehe 25 Oktoba Ulaya wanarudisha saa nyuma. Sisi hatubadilishi chochote, lakini Berlin, iliyokuwa saa moja nyuma yetu, inakuwa saa mbili. Mapitio ya 14:00 yaliyokuwa 13:00 kwa mteja, tarehe 3 Novemba yanaangukia 12:00 yake, wakati wa chakula. Timu yetu ilihamishia mapitio 11:00, ambayo ni 09:00 Berlin wakati wa baridi na 10:00 wakati wa kiangazi, na ikaacha retro palepale alasiri. Hapo ndipo `This and following events` inapotumika kwa haki. Kama mteja wenu yuko Ulaya, anzeni na 11:00 tangu siku ya kwanza, msingoje Novemba iwafundishe.

Mwisho fika Desemba. Sprinti ya 16 hadi 29 ina Krismasi na tarehe 26 ndani yake, na likizo juu ya hizo. Kama nusu ya timu haitakuwepo, futa sprinti nzima: ondoa kupanga kwa tarehe 16 pamoja na mapitio na retro za tarehe 29, tukio moja moja. Mkirudi tarehe 30 Desemba, au mkiruka tena hadi 13 Januari, mfululizo uko palepale na zamu haijapishana. Kinachoharibu ni kusema "tuanze tu tarehe 6". Wiki hiyo moja ikishaingia, kila mwaliko ambao mteja ameshaukubali hadi Juni hauna ukweli tena.